Karatasi tatu kabla ya hundi: Kwa nini ankara pekee haitoshi kumlipa mzabuni

KWA msafiri atokaye Singida mjini kuelekea Nzega, Misigiri ni mahali pa kusimama kidogo kabla ya kuuteremka mlima Sekenke. Ni hapo barabara ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, inapochepuka kutoka barabara kuu.

Malori yaliyosheheni saruji, nondo na mabati hupita katika njia panda hiyo, na baadhi yake huacha lami na kuelekea kwenye shule na zahanati zinazojengwa vijijini. Dereva anapofika, hushusha mzigo, hutoa karatasi ili isainiwe, kisha huondoka. Baada ya siku chache mzabuni huleta ankara, naye mkuu wa shule hutakiwa kuidhinisha malipo.

Katika dakika hiyo ya kuidhinisha, swali ni moja tu: je, kinachodaiwa ndicho kilichoagizwa, na ndicho kilichofika?

Jibu lake hutafutwa kwa kuziweka mezani karatasi tatu. Ya kwanza ni agizo la ununuzi, ambalo ofisini wengi huliita elpio, linaloonyesha taasisi ilikubali kununua nini, kiasi gani na kwa bei gani. Ya pili ni hati ya mapokezi, inayoonyesha kilichohesabiwa na kukubaliwa mzigo ulipofika. Ya tatu ni ankara ya mzabuni, yaani dai lake la fedha. Wahasibu huzisoma mstari kwa mstari, na fedha hutoka pale tu zinapokubaliana.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2013, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, zilitaka vifaa vinavyofika vikaguliwe na kamati maalumu ya ukaguzi na mapokezi. Sheria hiyo imekwisha kufutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, lakini swali la nani alihesabu mzigo linabaki lile lile.

Watanzania wengi walikutana na utaratibu huo kwa karibu mwaka 2021, Serikali ilipoamua kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Kila darasa lilitengewa Sh milioni 20, na kazi ilifanywa kwa mafundi wa kawaida badala ya makandarasi wakubwa. Shule ziliunda kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi.

Mgawanyo huo wa kamati haukuwa wa kupeana posho. Kamati ya manunuzi ndiyo inayojua kilichoagizwa, ya mapokezi ndiyo inayojua kilichofika, na mzabuni ndiye anayejua anachodai. Kila karatasi inatoka katika mkono tofauti, na nguvu ya utaratibu wote imejengwa juu ya jambo hilo.

Ili kuona jinsi unavyofanya kazi, tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya kata iliyo nje kidogo ya Misigiri. Shule hiyo ni ya kubuni na bei zake ni za mfano, lakini tofauti zinazotajwa hapa ni zile ambazo mhasibu yeyote wa halmashauri amekwisha kukutana nazo.

Shule inaagiza mifuko 200 ya saruji ya daraja la 42.5 kwa Sh 17,000 kila mfuko, na nondo 60 za milimita 12 kwa Sh 24,000 kila moja, bei zikiwa ni za kufikishiwa mzigo shuleni. Saruji ni Sh 3,400,000, nondo ni Sh 1,440,000. Agizo lote ni Sh 4,840,000.

Lori la kwanza linafika Jumanne likiwa na mifuko 120 na nondo zote. La pili linafika Ijumaa, baada ya mvua, likiwa na mifuko 80. Kamati ya mapokezi inaipapasa mifuko hiyo mmoja baada ya mwingine na kukuta sita imeshika unyevu na kuganda pembeni. Hiyo sita inarudishwa na dereva yule yule, na hati ya mapokezi inaandikwa mifuko 74.

Wiki inayofuata inaletwa ankara. Inasema mifuko 200 kwa Sh 17,500, ambayo ni Sh 3,500,000. Nondo 60, Sh 1,440,000. Na usafiri, Sh 150,000. Jumla ni Sh 5,090,000.

Mhasibu anayelipa kwa kuangalia ankara peke yake hataona kasoro. Hesabu imejumlishwa sawasawa, muhuri upo, na saruji kweli ilifika, kila mtu aliiona. Tatizo linajitokeza pale tu karatasi zote tatu zinapolazwa pamoja.

Hati za mapokezi zinasema mifuko 120 na 74, yaani 194, wala si 200. Agizo linasema bei ni Sh 17,000, wala si Sh 17,500. Kuhusu usafiri, agizo linasema bei ni ya kufikisha mzigo, hivyo hakuna mstari wa kuulipia. Kinachostahili kulipwa ni mifuko 194 kwa Sh 17,000, ambayo ni Sh 3,298,000, pamoja na nondo Sh 1,440,000. Jumla ni Sh 4,738,000.

Tofauti kati ya dai na stahili ni Sh 352,000. Kwa mtu wa mjini huenda kiasi hicho kikaonekana kidogo. Kwa darasa lililotengewa Sh milioni 20 zisizo na nyongeza, ndicho kinachoamua kama madirisha yatapata vioo au yatabaki na matundu.

Inafaa kusema kuwa katika mfano huu si lazima mzabuni awe mwizi. Karani wake wa dukani huandika ankara kwa kufuata kilichopakiwa kwenye lori, wala hajui kuwa dereva alirudi na mifuko sita. Bei huenda imepanda kiwandani katikati ya wiki. Tofauti nyingi huzaliwa hivyo, na ndiyo maana hatua ya kwanza si kumshutumu mtu bali ni kumwonyesha mstari uliotofautiana.

Suala la bei huleta ubishi mkubwa zaidi. Mwezi Novemba 2020 saruji iliadimika na bei yake ikapanda kwa kasi katika mikoa mingi, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza sababu zake zichunguzwe. Katika kipindi cha namna hiyo mzabuni aliyekubali bei ya zamani hujikuta akiuza kwa hasara, na hushawishika kuirekebisha bei kupitia ankara.

Hata hivyo, ankara si mahali pa kujadili bei. Ikiwa taasisi inakubali kuwa bei imebadilika, agizo hurekebishwa kwa maandishi kabla mzigo haujapakiwa, na aliyeidhinisha agizo la awali ndiye anayeidhinisha na mabadiliko. Bei mpya inayoonekana kwa mara ya kwanza kwenye ankara hailipwi.

Kodi nayo huleta tofauti za aina yake. Mzabuni aliyetaja bei bila Kodi ya Ongezeko la Thamani anaweza kuiongeza asilimia 18 kwenye ankara, ilhali shule iliielewa bei ile kuwa imekwisha kujumuisha kila kitu. Neno moja kwenye agizo, kwamba bei ina kodi ndani yake au haina, huzuia mabishano ya mwezi mzima.

Kwa upande mwingine, kuna tofauti isiyo tofauti. Taasisi ya umma inapokata kodi ya zuio, fedha inayoingia kwa mzabuni huwa pungufu kuliko ankara. Hapo karatasi zimekubaliana; kilichokatwa kinapelekwa Mamlaka ya Mapato kwa jina la mzabuni huyo huyo, naye anastahili kupewa hati inayothibitisha hivyo. Wenye maduka wasiopewa hati hiyo hudhani wameibiwa, na si ajabu.

Vipimo navyo husumbua. Saruji huagizwa kwa mifuko na wakati mwingine kudaiwa kwa tani. Hiyo ni rahisi, kwa kuwa tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Mchanga ni kazi nyingine. Shule huagiza tripu tano, mwenye lori hudai mita za ujazo, na tripu ya lori moja si tripu ya lori jingine. Dawa yake ni kupima urefu, upana na kina cha bodi ya lori kabla mchanga haujamwagwa, na kuagiza kwa kipimo hicho hicho kitakachotumika kwenye ankara. Mchanga ukishamwagwa chini, hakuna anayeweza kuapa ulikuwa kiasi gani.

Lakini tofauti iliyo ngumu kuliko zote ni ile isiyoonekana kwenye karatasi hata kidogo: idadi ni sawa, bei ni sawa, ila kitu chenyewe sicho.

Nondo ni mfano mzuri. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Iliyopunjwa hadi milimita 11 ina kilo 9 tu, ingawa kwa macho zinafanana kama mapacha. Nondo 60 halali zina uzito wa karibu kilo 640. Zilizopunjwa hazifiki kilo 540. Kilo 100 za chuma zinaweza kupotea hivyo ilhali karatasi zote tatu zinasema nondo 60.

Kamati ya mapokezi haihitaji maabara ili kugundua hilo. Mizani ya kupimia magunia ya alizeti, ambayo Singida haikosekani, inatosha kupimia nondo chache zilizochaguliwa bila kumuuliza dereva. Kwa saruji kazi ni nyepesi zaidi, kwani daraja huchapishwa kwenye mfuko. Aliyeagiza 42.5 kwa ajili ya nguzo na mkanda akaletewa 32.5 ameletewa saruji nyingine yenye nguvu ndogo na kwa kawaida bei ndogo, hata kama mifuko ni 200 kamili. Kwa mabati, ikumbukwe kuwa namba ya geji inavyokua ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 30 si bora kuliko geji 28.

Kwa sababu hiyo, hati ya mapokezi yenye maneno "saruji mifuko 200" haitoshi. Inapaswa kueleza daraja, kipimo, namba ya agizo, namba ya karatasi aliyokuja nayo dereva, namba ya lori, tarehe, kilichokataliwa na sababu ya kukikataa.

Hapa ndipo penye shina la tatizo ambalo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikilirudia: vifaa vilivyolipiwa bila kukaguliwa na kamati ya mapokezi, au bila kuingizwa kwenye leja ya stoo. Katika ofisi nyingi hati ya mapokezi haiandikwi siku lori lilipofika. Huandikwa siku ya malipo, mhasibu anapogundua kuwa haipo kwenye jalada, na huandikwa kwa kunakili ankara.

Hati ya namna hiyo itakubaliana na ankara daima, kwa kuwa ni ankara ile ile iliyoandikwa kwa mkono mwingine. Katika mfano wa Misigiri, ingesema mifuko 200, na ile sita iliyoganda ingelipiwa bila mtu yeyote kujua. Karatasi zinakuwa tatu mezani, lakini mashahidi ni wawili tu.

Mkaguzi mzoefu huzitambua kwa dalili zake. Tarehe ya mapokezi ni ile ile ya ankara au iko nyuma yake. Namba ya ankara imetajwa, ila namba ya lori haipo. Wanakamati wote wamesaini kwa kalamu moja. Katika mwaka mzima hakuna hata mfuko mmoja uliopungua, kupasuka au kukataliwa, jambo ambalo barabara zetu haziruhusu.

Dalili nyingine iko katika hesabu ya kawaida. Mifuko 200 ni tani 10. Hati inayosema mifuko yote ilishushwa kwa safari moja na lori la tani saba inajishtaki yenyewe. Kwenye eneo la ujenzi, mifuko mitupu ikitunzwa na kuhesabiwa nayo hutoa ushahidi, kwani saruji iliyotumika huacha mfuko wake nyuma.

Nchi ilikwisha kujifunza, kwa gharama kubwa, nini hutokea karatasi zinapothibitishana zenyewe kwa zenyewe. Katika mwaka wa fedha 2005/06 Benki Kuu ya Tanzania ililipa zaidi ya Sh bilioni 133 kwa kampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje, maarufu kama EPA. Madai hayo yalihusu bidhaa zilizoingizwa nchini miaka mingi nyuma, na kampuni zilidai kuwa wadai wa nje wamezihamishia haki ya kulipwa. Ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young ulibaini kuwa sehemu kubwa ililipwa kwa nyaraka za kughushi, na Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Lile halikuwa suala la saruji, wala ukubwa wake haulinganishwi na wa shule ya kata. Ila kasoro ni jamaa: karatasi zilizothibitisha dai zililetwa na mdai mwenyewe.

Wapo wanaotarajia kompyuta iondoe tatizo hili. Ununuzi wa umma sasa unapitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na mashine inaweza kulinganisha agizo na ankara haraka kuliko karani yeyote. Lakini mashine haimpapasi mfuko. Inalinganisha namba iliyoingizwa na mtu, na kama mtu huyo alikaa ofisini akanakili ankara, itatoa ruhusa ya kulipa bila kusita.

Kuna na hatari ya kulipa mara mbili, ambayo nayo huanzia kwenye karatasi. Mzabuni hutoa kwanza profoma, yaani makadirio ya bei kabla ya mauzo. Baadaye hutoa ankara yenyewe. Zote mbili zina jina moja, vifaa vilevile na jumla ileile. Profoma ikiingia kwenye jalada la malipo wiki hii na ankara wiki ijayo, fedha hutoka mara mbili. Ankara iliyoandikwa 045 na nakala yake iliyosajiliwa kama 45 hufanya hivyo hivyo.

Kinga yake ni kuandika malipo kwenye agizo lenyewe. Kila hati ya mapokezi ikishalipiwa hupigwa muhuri na kufungwa, na ankara isiyopata hati ya mapokezi iliyo wazi hukosa pa kusimama.

Wenye maduka nao wana kilio chao. Katika miji midogo kama Misigiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayekopesha shule mali ya Sh milioni 4 huenda amekopesha nusu ya mtaji wake. Ankara ikikwama kwa sababu ya mifuko sita, na hakuna anayemweleza, hukaa miezi akidhani Serikali haina fedha. Shule iliyogundua tofauti inapaswa kumwandikia haraka ikitaja mstari, kiasi na sababu, ili alete ankara iliyorekebishwa.

Tatizo lingine lao ni agizo la simu. Fundi anaishiwa saruji Jumamosi, mkuu wa shule anapiga simu, mifuko 20 inaletwa kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Saruji ni halali, imepokelewa, imetumika, lakini hakuna agizo. Hapo mzabuni mwaminifu huonekana kama tapeli, na mkuu wa shule hulazimika kuandika agizo la tarehe ya nyuma, ambalo ni kosa kubwa kuliko mifuko yenyewe. Ni afadhali agizo dogo la nyongeza liandikwe na kusainiwa asubuhi ile ile kabla ya pikipiki kuondoka dukani.

Ulinganishaji huu una mipaka yake, na ni vyema ijulikane. Hauonyeshi kama bei iliyoandikwa kwenye agizo ilikuwa ya haki tangu mwanzo. Hauonyeshi kama mzabuni ni shemeji wa mjumbe wa kamati ya manunuzi. Kwa kazi ya fundi, ambayo haiji kwa lori, hati ya mapokezi haina cha kuhesabu. Mahali pake hukaa kipimo cha kazi iliyokamilika, kilichosainiwa na msimamizi wa ujenzi.

Turudi kwenye shule ile ya mfano. Mzabuni, baada ya kuonyeshwa karatasi, anakubali bei ya awali, anafuta mstari wa usafiri na kuleta ankara mpya ya Sh 4,738,000. Risiti yake ya mashine ya EFD inatolewa kwa kiasi hicho hicho. Kama angekuwa amekwisha kutoa risiti ya Sh 5,090,000, kuisahihisha kungekuwa na mlolongo wake, na hiyo ni sababu nyingine ya kulinganisha kabla na si baada.

Agizo linabaki wazi kwa mifuko sita. Siku lori jingine likipanda kutoka Singida likiwa na nafasi, mifuko hiyo italetwa, itapapaswa, itaandikiwa hati yake ya mapokezi na kudaiwa kwa ankara yake ya Sh 102,000. Na kama ujenzi utakuwa umekwisha kabla haijafika, mkuu wa shule ataandika kwenye agizo kuwa mifuko sita imefutwa, atasaini na kuweka tarehe, ili ankara yake ikija mwakani isikute mlango wazi.